Uzi: Gradienti ya umbali kutoka orijini, kwa nini urefu wake unabaki moja hata ukienda mbali?

binti_wa_temeke (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni, naomba msaada wenu kwenye vekta. Niko mwaka wa kwanza Mlimani na kuna kitu mwalimu alikiandika ubaoni akapita nacho haraka, mimi bado nimekwama nacho.

Tuna funksheni r = sqrt(x² + y² + z²), yaani umbali wa nukta kutoka orijini. Kudifarenshieti sina shida, ukishika x peke yake unapata x/r, ya y inatoka y/r na ya z inatoka z/r, kwa hiyo gradienti ni (x/r, y/r, z/r). Sasa mwalimu akasema hii gradienti inaelekea nje na urefu wake ni moja popote ulipo isipokuwa pale kwenye orijini. Hapo ndo panaponichanganya, maana chini pana r, na r inakua kadiri unavyokwenda mbali, sasa mbona gradienti haipungui? Halafu nikiongeza vigezo, tuseme vinne au kumi, vipande vinaongezeka, mbona urefu haukui?

Msinionyeshe tu kwamba ukipiga mraba ukajumlisha inatoka moja, hilo nimeshalipiga na linatoka kweli. Ninachotaka ni kuona KWA NINI lazima iwe moja.

---

fundi_namba

Dada hiyo mbona rahisi, gradienti kazi yake ni kuonyesha mwelekeo wa kupanda, mwelekeo hauna ukubwa, kwa hiyo siku zote unaigawa kwa urefu wake ibaki moja. Hiyo r iliyoko chini ndo ya kugawia. Usijiumize kichwa.

---

mwl_kimara

Fundi_namba, kwenye mwelekeo uko sawa, ila kwenye urefu hapana. Gradienti ina mwelekeo na ina urefu, na urefu wake una maana yake, unakwambia funksheni inapanda kwa kasi gani ukitembea upande ule inaopanda zaidi. Hakuna mtu aliyeigawa hapa, ile r imekuja yenyewe kutoka kwenye kipeuo cha pili. Jaribu funksheni nyingine uone, chukua r² badala ya r. Gradienti yake ni (2x, 2y, 2z), nayo inaelekea nje vilevile, ila urefu wake ni 2r. Ukiwa mita 5 kutoka orijini urefu ni 10, ukiwa mita 50 ni 100. Kwa hiyo kuelekea nje ni jambo moja na kuwa na urefu wa moja ni jambo jingine, na binti ameuliza hasa hilo la pili.

Binti, tuanze na lile la mgawanyo kisha twende kwenye sababu yenyewe. Ulipoona x/r ukaangalia r tu. Ukienda mbali kwa kunyoosha kutoka orijini, x nayo inakua, na inakua kwa kiwango kilekile cha r. Nukta (3,4) iko umbali wa 5, gradienti yake ni (0.6, 0.8). Nenda mara mia zaidi upande uleule, (300,400), umbali 500, gradienti bado ni (0.6, 0.8). Juu na chini vimekua pamoja, hakuna kilichopungua.

Sasa sababu. Weka kalamu pembeni kabisa, usidifarenshieti chochote. Fikiria umechomeka kigingi kwenye mchanga pale Coco Beach, na wewe umesimama mahali fulani, mita 5 au mita 200 kutoka kwenye kigingi, sijali. Unapiga hatua moja ya mita moja, upande wowote unaotaka. Umbali wako kutoka kwenye kigingi unaweza kuongezeka kwa kiasi gani kwa wingi wake? Jibu ni mita moja, haiwezi kuzidi hata nywele. Kigingi, pale ulipokuwa na pale ulipofika vinafanya pembetatu, na upande mmoja wa pembetatu hauwezi kuzidi jumla ya pande mbili zilizobaki. Umbali mpya ni mdogo kuliko au sawa na umbali wa zamani kujumlisha mita moja. Kwa hiyo hakuna upande wowote ambao mpando wa r unazidi moja. Umeshapata kikomo cha juu.

Je kikomo hicho kinafikiwa? Ndiyo, kwa upande mmoja tu, ukikipa kigingi mgongo na kutembea moja kwa moja kwenda nje, hapo pembetatu inalala ikawa mstari na kila mita unayotembea inaingia yote kwenye umbali. Ukikengeuka hata kidogo, sehemu ya hatua yako inapotea kwenye kuzunguka.

Na gradienti ndiyo hiyohiyo, upande unaopandisha zaidi ndio mwelekeo wake na kiasi cha kupanda kwa hatua ya moja ndio urefu wake. Upande ni nje. Kiasi ni moja. Na umeona sikukuuliza uko mita ngapi kutoka kwenye kigingi, wala sikukuuliza kuna vigezo vingapi, kwa sababu pembetatu ni pembetatu, uwe kwenye mbili, tatu au kumi.

---

binti_wa_temeke

Mwalimu shikamoo, nimeelewa sana hilo la pembetatu, sikuwahi kulifikiria kwamba naweza kupata urefu bila kudifarenshieti. Ila la vigezo vingi bado linanivuta kidogo. Nikiwa na vigezo vinne, nukta (1,1,1,1), kila kipande kinachangia, mbona jumla haizidi?

---

mwl_kimara

Marahaba binti. Ipige hiyohiyo. r ni kipeuo cha pili cha 4, yaani 2, kwa hiyo gradienti ni (½, ½, ½, ½). Miraba yake ni robo nne, jumla moja. Ukiwa na vigezo mia vyote ni 1, r ni 10 na kila kipande ni sehemu ya kumi tu. Vipande vinakuwa vingi lakini kila kimoja kinazidi kuwa kidogo, kwa sababu ukisogeza kigezo kimoja tu kati ya mia unakuwa unatembea karibu kwa kuzunguka, sio kwenda nje.

Tena ukitaka kuhakikisha kwa kalkuleta fanya hivi. Uko (3,4), r ni 5. Piga hatua ya 0.1 kwenda nje, yaani (0.06, 0.08), unafika (3.06, 4.08), r yake ni 5.1 kamili. Rudi (3,4), piga hatua ya 0.1 upande wa x tu, unafika (3.1, 4), r ni 5.0606, gradienti ilikuambia itaongezeka 0.06 na imeongezeka karibu hivyohivyo. Rudi tena, sasa piga hatua ileile ya 0.1 lakini ubavuni, (−0.08, 0.06), unafika (2.92, 4.06). r ni 5.001. Umetembea hatua nzima na umbali umebadilika kwa sehemu moja tu ya elfu ya kipimo. Hapo ndipo utaona maana ya kwenda nje na maana ya kuzunguka.

---

kijana_wa_mabibo

Mimi naongezea kwa njia nyingine. Gradienti siku zote inasimama wima, nyuzi 90, juu ya uso ambao funksheni haibadiliki. Hapa nyuso hizo ni matufe yenye kitovu kwenye orijini, na kitu kinachosimama wima kwenye tufe kinapita kwenye mstari wa kitovu. Kwa hiyo gradienti lazima ielekee nje. Imeisha.

---

mwl_kimara

Vizuri, ila haijaisha. Hoja yako inamfaa hata r², hata r³, maana zote nyuso zake ni matufe yaleyale. Na hata −r ina matufe yaleyale lakini gradienti yake inaelekea ndani. Kwa hiyo matufe yanakupa mstari, hayakwambii uelekee nje au ndani na hayakwambii urefu. Urefu unatokana na nafasi kati ya tufe na tufe. Chora duara la r=1, r=2, r=3 na kuendelea, yanapishana kwa kipimo kimoja kila mahali, kwa hiyo mpando ni uleule kila mahali. Chora ya r² kwa thamani 1, 2, 3 mpaka 9, utaona yanabanana kadiri unavyokwenda nje, na pale yanapobanana ndipo mpando ulipo mkali.

---

mzee_wa_fizikia

Samahani jamani lakini mimi nafundisha fizikia fomu siksi na hiki mnachosema hakiendani na uhalisia. Ukiwa na chaji kwenye orijini uwanja wa umeme unaelekea nje ndiyo, lakini unapungua kwa mraba wa umbali. Kila mtu anajua. Sasa mnamwambia mtoto kwamba haupungui, kwenye mtihani ataandika nini?

---

mwl_kimara

Mkuu, uwanja wa chaji unatokana na gradienti ya 1/r, sio ya r. Binti ameuliza r yenyewe. Lakini ni vizuri umelileta kwa sababu vinaungana. Funksheni yoyote inayotegemea r peke yake, gradienti yake ni mpando wa hiyo funksheni kwa r, kisha unazidisha na vekta yetu ya urefu moja inayoelekea nje. Kwa 1/r mpando ni −1/r², kwa hiyo gradienti ina urefu wa 1/r² na inaelekea ndani, ukiweka ile alama ya kutoa ya fizikia inageuka nje. Kupungua kote huko unakokujua kumetoka kwenye −1/r². Vekta ya mwelekeo haijachangia kupungua hata kidogo, na haichangii kwa sababu urefu wake ni moja.

---

mzee_wa_fizikia

Sawa nimekupata. Basi mwambie pia kwamba sisi tunaiandika r yenye kofia, asije akadhani ni kitu kipya akikutana nacho.

---

stoo_tegeta

Wakuu uzi huu umenikuta na tatizo langu lilelile, naomba nilimwage hapa. Natengeneza kiprogramu cha kutafuta mahali pa kuweka stoo ya maji ya kunywa, wateja wako sehemu tofauti, nataka jumla ya umbali kutoka stoo mpaka kwa wateja wote iwe ndogo kuliko zote. Nachukua gradienti ya jumla halafu nasogeza stoo kinyume chake kidogo kidogo. Gradienti nimeiandika hivi

```python
def gradienti(p, wateja):
    g = np.zeros(2)
    for w in wateja:
        d = p - w
        g += d / np.linalg.norm(d)
    return g
```

Ina mambo mawili. La kwanza, mteja wa mbali kabisa naye anavuta stoo kwa nguvu ileile ya mteja wa jirani, mimi nilitegemea wa mbali avute zaidi. La pili, nikianzia pale stoo ilipo sasa hivi, ambapo ni kwa mteja mmojawapo, inanitolea `[nan nan]` na ile onyo ya `invalid value encountered in divide`. Nimetafuta kosa kwenye data sijaliona.

---

mwl_kimara

Data yako haina kosa. Yote mawili ni hiyohiyo gradienti tunayoizungumza, ila orijini yako sasa ni mteja, na una orijini nyingi badala ya moja.

La kwanza ndilo binti alilouliza limevaa nguo nyingine. Kila mteja anachangia vekta ya urefu moja, awe Mbezi au Gongo la Mboto, kwa sababu ukisogea mita moja kumkaribia unapunguza mita moja ya safari yake, haijalishi alikuwa mbali kiasi gani. Ukitaka wa mbali avute zaidi tumia miraba ya umbali, hapo kila mmoja anavuta kwa mara mbili ya umbali wake na jibu linakuwa wastani wa kawaida. Weka wateja watatu kwenye barabara moja iliyonyooka, kilomita 0, 1 na 10. Kwa miraba stoo inakwenda kilomita 3.67, yule wa mwisho amewaburuza wote. Kwa umbali wenyewe stoo inakaa pale pale kilomita 1, na hata yule wa 10 ukimhamishia 100 stoo haitikisiki. Kipi kinakufaa inategemea gharama yako ni nini, kama ni mafuta ya pikipiki basi ni umbali wenyewe, sio mraba.

La pili, `nan` inakuja kwa sababu umesimama juu ya mteja, d ni sifuri na umegawa sifuri kwa sifuri. Na kompyuta haijakosea, pale kweli hakuna gradienti. Umbali kutoka mahali ulipo unapanda moja kwa kila hatua upande WOWOTE utakaokwenda, mashariki unapanda, magharibi unapanda, hakuna upande mmoja ulio bora kuliko mwingine wa kuuita mwelekeo. Ukiuchora umbali kwenye vigezo viwili unapata koni yenye ncha chini, kuta zake zote zina mteremko uleule wa nyuzi 45, na kwenye ncha huwezi kulaza ubao ukasema huu ndio mguso wake.

---

kijana_wa_mabibo

Hapo weka sifuri tu yaishe, kama norm ni sifuri rudisha vekta sifuri. Au jumlisha kitu kidogo chini kama 1e-9.

---

stoo_tegeta

Nimeweka sifuri kwa yule mteja niliyesimama kwake, `nan` imeondoka, stoo inasogea. Lakini sasa nitajuaje kama ilitakiwa isogee au ibaki palepale? Maana kuna data nyingine nikiweka inatoka kwa mteja, inarudi, inatoka, inarudi, haitulii.

---

mwl_kimara

Swali zuri sana hili, na ndiyo sababu sipendi kuweka sifuri kisha kuendelea kama hakuna kilichotokea. Tufanye mfano kamili.

Stoo iko kwa mteja A, (0,0), kilomita. B yuko (3,4) na C yuko (−3,4). Jumla ya umbali ni 0+5+5, yaani 10. Mweke A pembeni kwanza, jumlisha vekta za wale wawili. Kutoka B kuja kwako ni (−0.6, −0.8), kutoka C ni (0.6, −0.8), jumla (0, −1.6). Urefu ni 1.6, maana yake B na C kwa pamoja wanakuvuta kwenda kaskazini kwa 1.6 kwa kila kilomita. A anakuvuta kurudi kwa kiasi gani? Kwa moja, hana zaidi, kwa sababu gradienti yake haizidi moja popote. 1.6 inaishinda 1, kwa hiyo toka, na utashuka kwa 0.6. Pima mwenyewe, stoo ikiwa (0, 0.1) jumla ni 9.941, imeshuka karibu 0.06 kwa sehemu ya kumi ya kilomita, ndivyo ilivyotakiwa. Ukiendelea utafika karibu (0, 2.27) na jumla itakuwa 9.196, pale ndipo bora.

Sasa badilisha, B awe (12,5) na C awe (−12,5). Vekta zao zikijumlishwa zinatoa (0, −10/13), urefu 0.77 tu. Wanaivuta stoo kwa 0.77 na A anaishika kwa 1. A anashinda, stoo inabaki kwake. Ukijilazimisha kwenda (0, 0.1) jumla inapanda kutoka 26 kufika 26.024. Programu yako iliyoweka sifuri inaona (0, −0.77) inadhani inatakiwa kwenda, inatoka, A anakuwa na gradienti tena anairudisha, ndio hiyo toka rudi unayoiona.

Kwa hiyo ukisimama juu ya mteja, jumlisha vekta za waliobaki, kama urefu haufiki moja au ni moja kamili baki, kama unazidi moja toka kuelekea kinyume cha hiyo jumla. Tatizo hili lina historia, Weiszfeld alitoa njia ya kulitatua kwa kurudiarudia mwaka 1937, na njia yake nayo inakwama palepale stoo ikiangukia kwa mteja.

La 1e-9 linaondoa `nan`, ila halikujibu swali la kubaki au kutoka. Sehemu ya A itakuwa sifuri kama ya kijana tu.

---

kijana_wa_mabibo

Sawa mwalimu, ila kuna njia ya kuweka kile kidogo ndani ya kipeuo, sqrt(x² + y² + ε²), hiyo ina gradienti kila mahali hata katikati, na programu haitoki na kurudi kama ukipiga hatua ndogo za kutosha. Mimi ndio naitumia na inafanya kazi.

---

mwl_kimara

Hiyo nakubali ni njia halali, umekata ncha ya koni ukaweka bakuli dogo. Ujue tu kwamba urefu wa gradienti hapo sio moja tena, ni r gawa kwa sqrt(r² + ε²). Ukiwa mbali na katikati kuliko ε mara kumi unapata 0.995, huoni tofauti. Ukiwa kwenye umbali wa ε yenyewe unapata 0.707. Kwa hiyo ε lazima iwe ndogo kuliko umbali wowote unaoujali, kwa stoo tuseme mita chache, na hatua zako ziwe ndogo kulinganisha na hiyo ε la sivyo zitaruka juu ya bakuli.

---

mpimaji_kigamboni

Nimesoma kimya kimya ila niseme na mimi, kazi yangu ni upimaji ardhi, na hii (x/r, y/r, z/r) ndiyo ugali wetu kila siku ingawa wengi tunabonyeza tu risiva bila kuiona. Risiva ya GPS inapima umbali mpaka kwenye setilaiti kadhaa, haijui iko wapi, inaanza na makisio, halafu kwa kila setilaiti inauliza nikisogea kidogo huu umbali utabadilikaje. Jibu ni gradienti ya umbali ambayo orijini yake ni setilaiti, vekta ya urefu moja kwenye mstari wa kunyooka kati ya setilaiti na wewe. Safu moja ya meza ya mahesabu kwa kila setilaiti, na pembeni wanaongeza safuwima ya saa ya risiva kwa sababu nayo haijulikani.

Na lile la hatua ya ubavuni alilolisema mwalimu, sisi kwetu ni zuri ajabu. Setilaiti ziko kama kilomita 20,200 juu. Ukisogea mita 100 ubavuni umbali mpaka kwenye setilaiti unabadilika kwa robo ya milimita tu, kwa hiyo lile kadirio la mstari ulionyooka linakuwa sahihi sana na mahesabu yanatulia kwa mizunguko michache hata ukianza na makisio mabaya. Watu wanaanza na (0,0,0), katikati ya dunia, na hakuna `nan` yoyote, kwa sababu orijini inayoleta shida ni pale setilaiti ilipo na hakuna mtu anasimama huko.

Ila bado nina swali. Kwa nini kimo siku zote kinakuja kibaya kuliko mashariki na kaskazini? Nimeambiwa ni hewa.

---

mwl_kimara

Hewa ipo, lakini vekta zenyewe nazo zinahusika. Setilaiti zote unazoziona ziko juu ya upeo, dunia imezifunika zilizo chini. Upande wa mashariki na magharibi unapata vekta zinazopingana, zinabanana pande mbili. Upande wa juu zote zinavuta upande mmoja, na saa ya risiva ikikosea nayo inabadilisha umbali wote kwa pamoja kwa alama moja. Ukipanda mita moja na saa ikiteleza kidogo vinafanana sana, mahesabu yanashindwa kuvitenganisha vizuri. Ni kipi kinachangia zaidi siku fulani mahali fulani sitakubahatishia, inategemea setilaiti zilivyojipanga.

---

binti_wa_temeke

Jamani asanteni, mwalimu nimepiga ile ya 5.001 kwa kalkuleta nikaona kabisa. Swali moja la nyongeza. Stoo_tegeta ametumia umbali wa kunyooka, lakini pikipiki haipiti juu ya nyumba za watu. Mitaa ya Kariakoo kwa mfano imekatana kama misalaba, huendi kwa kukata kona, umbali ni |x| + |y|. Nimedifarenshieti nikapata (1, 1) kama x na y zote ni chanya, urefu wake ni kipeuo cha pili cha 2, yaani 1.414. Sasa ile hoja ya pembetatu imekwenda wapi? Nayo hii ni umbali na pembetatu yake ipo.

---

fundi_namba

Hapo ndo utaona kwamba lazima ugawe kwa urefu.

---

mwl_kimara

Hapana fundi, usigawe. Binti, hoja ya pembetatu haijaenda popote, angalia tu hatua yako umeipima kwa rula gani. Ulipopata 1.414 ulipima hatua kwa mstari wa kunyooka, mita moja ya kukata kona, na kwa mtu wa Kariakoo hatua hiyo ni mita 0.707 mtaa huu na 0.707 mtaa ule, jumla 1.414 ya kutembea. Ukipima hatua nayo kwa mitaa, hakuna hatua ya mita moja inayoongeza zaidi ya mita moja, moja yako inarudi. Ila kitu kimoja kimepotea, upande bora sio mmoja tena. Ukiwa ndani ya robo ile ya chanya na chanya, kwenda mashariki kunaongeza moja, kwenda kaskazini kunaongeza moja, na mchanganyiko wowote wa hivyo viwili unaongeza moja. Kwa hiyo "nje" haina mshale mmoja. Na ncha nazo zimeongezeka, sasa gradienti haipo kwenye mhimili mzima wa x na mhimili mzima wa y, sio kwenye orijini tu.

---

stoo_tegeta

Kwa hiyo kwa mitaa ile kanuni ya kubaki au kutoka inabadilika?

---

mwl_kimara

Inabadilika, na kwa mitaa inakuwa rahisi zaidi maana x na y zinaachana, unatafuta namba ya katikati ya x zote peke yake na ya y zote peke yake. Lakini hiyo ni kama mitaa yote imekatana sawasawa na inapitika pande zote.

---

stoo_tegeta

Tegeta mpaka Mbezi haijakatana hivyo mwalimu, kuna mabonde na kuna barabara za upande mmoja, kwenda na kurudi umbali sio uleule.

---

kijana_wa_mabibo

Kama kwenda na kurudi ni tofauti basi huo sio umbali tena, achana na gradienti, tumia ramani ya barabara na utafute njia fupi moja kwa moja.

---

mpimaji_kigamboni

Sikubaliani sana. Kwa wateja wengi walioenea mji mzima umbali wa kunyooka unakupa mahali pa kuanzia, halafu ndio unarekebisha kwa barabara. Stoo_tegeta weka kodineti zako hapa, ila ziwe za mita sio digrii, ukiziacha kwenye digrii za latitudo na longitudo hata hiyo moja hutaipata.